Homa Isiyofuata Ratiba: Plasmodium falciparum katika Damu ya Watoto wa Kanda ya Ziwa

Vitabu vingi vya tiba huieleza malaria kuwa homa ya vipindi: mgonjwa hutetemeka, huwaka moto, hutoka jasho, hupata nafuu, kisha baada ya saa 48 au 72 huanza upya. Picha hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Camillo Golgi huko Pavia, Italia, aliyeonyesha katika miaka ya 1880 kwamba homa hupanda pale vimelea vinapopasua chembe nyekundu za damu. Alikuwa sahihi. Ila vimelea alivyovichunguza si vile vinavyotawala Misungwi, Sengerema au Ukerewe, na anayengoja homa ya mtoto wa huku ifuate ratiba ile ndipo aishuku malaria atachelewa.

Huku anayetawala ni Plasmodium falciparum. Mbu akishauma, vimelea hujificha ndani ya ini kwa takriban wiki moja pasipo dalili, vikizaliana kwa maelfu. Vikitoka huvamia chembe nyekundu, hula himoglobini, na baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka, ikimwaga vimelea vipya pamoja na taka zao. Taka hizo ndizo huichokoza kinga ya mwili, na homa hupanda. Laiti vimelea vyote vingepasua chembe kwa wakati mmoja, homa ingekuja kwa zamu. Lakini mtoto anayeumwa na mbu usiku baada ya usiku anaweza kubeba makundi kadhaa, kila moja na saa yake, hivyo homa yake huwa ya kila siku au haina mpangilio.

Upungufu wa damu nao hauelezwi na kupasuka huko peke yake. Tuchukulie mtoto mwenye himoglobini ya gramu 10 kwa desilita, ambaye asilimia 2 ya chembe zake zina vimelea. Kwa wiki nzima, yaani mizunguko mitatu na nusu, kiwango hicho kisipobadilika, atapoteza asilimia 7 hivi ya chembe na kubaki na gramu zaidi ya 9. Mbona basi watoto wa namna hii hufikishwa wodini wakiwa na gramu 5? Nyingi ya chembe zilizopotea hazikuwa na kimelea hata kimoja: wengu uliochachamaa huziondoa chembe zilizobadilika utando, hata zile ambazo hazijavamiwa. Wakati huohuo uboho, ukizuiwa na kemikali za kinga na taka za vimelea, hushindwa kuzijaza nafasi.

Ndiyo maana dawa inaweza kufagia vimelea katika siku tatu na himoglobini bado ikaendelea kushuka kwa siku kadhaa. Kioo cha damu kisicho na kimelea hakitoshi kumruhusu mtoto huyo kwenda nyumbani. Himoglobini yake ipimwe tena.