Fedha za matazamio: urejeshaji wake baada ya ujenzi kukamilika

Fedha za matazamio ni sehemu ya malipo ya mkandarasi ambayo mshitiri, yaani mwenye kazi, huizuia katika kila hati ya malipo ya awamu ili awe na kitu mkononi iwapo jengo litaonyesha kasoro baada ya kukabidhiwa. Nchini Tanzania na Kenya mikataba mingi hukata asilimia 10 ya kila hati mpaka jumla ifikie asilimia 5 ya bei ya mkataba, na makato hukoma hapo. Kwa kawaida nusu hurejeshwa kazi inapothibitishwa kuwa imekamilika, na nusu ya pili husubiri kwisha kwa kipindi cha matazamio, ambacho ni muda uliotajwa katika mkataba, mara nyingi miezi sita au mwaka mmoja, ambapo mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake mwenyewe.

Nusu ya kwanza haina ugomvi mwingi. Ugumu uko katika nusu ya pili, na chanzo chake mara nyingi ni tarehe. Kipindi cha matazamio huanza siku ya kukamilika kwa kazi iliyoandikwa katika hati ya kukamilika inayotolewa na msimamizi wa mradi. Hakianzi siku hati hiyo ilipotiwa saini, wala siku ya sherehe ya makabidhiano, ambayo aghalabu hungoja nafasi ya mgeni rasmi.

Tuchukue mfano wa jengo la madarasa lenye bei ya shilingi milioni 400, ambalo makato yake yalifikia kikomo cha milioni 20 baada ya kazi ya milioni 200 kuthibitishwa. Hati inataja kukamilika tarehe 1 Juni 2023, milioni 10 zikarejeshwa, na kipindi cha matazamio ni siku 365. Kwa kuwa Februari ya 2024 ilikuwa na siku 29, muda huo unaisha tarehe 31 Mei 2024. Mhasibu akihesabu kuanzia makabidhiano ya tarehe 20 Julai, atafika tarehe 19 Julai 2024, na iwapo mshitiri ni taasisi ya umma, mwaka wa fedha utakuwa umefungwa tarehe 30 Juni na deni kuhamia katika bajeti ambayo pengine haikulitaja. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa sababu fedha hizo mara nyingi hazitengwi katika akaunti yake, bali hubaki kuwa tarakimu tu katika vitabu vya mshitiri.

Kwisha kwa siku peke yake hakutoshi, kwani msimamizi wa mradi anapaswa pia kuthibitisha kwamba kasoro zote alizozitolea taarifa kabla ya muda kwisha zimerekebishwa. Kwa hiyo ukaguzi wa mwisho hufanywa wiki chache kabla, si siku ya mwisho, na kila kasoro huandikwa kwa mahali pake: chumba, ukuta na urefu wa ufa. Ufa wa plasta huwekewa alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake, kisha hutazamwa tena. Ukiwa umevuka alama, ukuta bado unatembea, na kuuziba kwa rangi ni kuficha tatizo. Kitasa kilichovunjwa na wanafunzi si kasoro ya mkandarasi, lakini mlango uliopinda kwa sababu mbao haikukauka ni yake. Msimu nao una uzito: katika pwani ya Tanzania, miezi sita inayoanzia Juni hupita bila kukutana na masika, hivyo paa linaweza kufaulu mtihani ambao halikupewa.

Katika mfano huu, masika ya 2024 yalidhihirisha uvujaji kwenye kofia ya paa. Taarifa ilitolewa kwa maandishi, mkandarasi hakurudi katika muda aliopewa, na mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa gharama za ujenzi, akakadiria marekebisho kuwa shilingi milioni 1.8. Njia sahihi ni kukata kiasi hicho na kulipa milioni 8.2 zilizobaki; kuzuia milioni 10 zote kwa ajili ya kofia ya paa, jambo linalotokea mno, ni kumwadhibu mkandarasi kwa kiasi ambacho mkataba haukukitaja. Mkandarasi asiyetaka kungoja mwaka mzima anaweza, mkataba ukiruhusu, kuweka dhamana ya benki inayolipika mara inapodaiwa, akachukua nusu ya pili mapema.

Malipo hayo hayamwondolei mkandarasi wajibu wa kasoro zilizojificha, kama vile nondo pungufu ndani ya zege, kwa kuwa sheria ya Tanzania inaruhusu shauri la kuvunjwa mkataba kufunguliwa ndani ya miaka 6.