Maumivu ya kiuno: kwa nini muganga hakutumi kwenye radio siku ya kwanza

Kwenye mazungumzo ya afya ya asubuhi, pale wagonjwa wanangojea zamu, kuna swali linalorudi kila mara: « Muganga, mugongo inaniuma, mbona hamunitume kupiga radio? » Jibu la muganga huanza na mfano.

Mama wa miaka 35 ameinua gunia la makala, kiuno kikakamata. Kuinama ni shida, kulala ni shida. Anataka picha ili « waone kitu kimeharibika ndani ». Lakini picha ya radio inaonyesha mifupa tu. Kilichomuuma mama huyu, mara nyingi, ni misuli na kano zilizovutwa, na hizo hazionekani pale. Skana inaona zaidi, na hapo shida nyingine inazaliwa. Watu wengi wasio na maumivu yoyote, ukiwapiga skana, utakuta diski za pingili zimezeeka. Hata kati ya vijana wa miaka 20, karibu 37 kwa 100 wanakuwa nazo. Ni kama mvi za kichwani. Mgonjwa akiambiwa mgongo wake umekwisha, anaogopa kutembea, anaacha kazi, na maumivu yanakaa zaidi. Tena miale ya picha ya kiuno inazidi ya kifua mara makumi, na inapita karibu na mayai ya uzazi ya mwanamke.

Basi muganga anatumia maswali na mikono. Anamuuliza mama kama alianguka, kama ana homa, kama anakonda. Anamtembeza kwa visigino, kisha kwa vidole vya miguu, ili ajue kama mishipa ya fahamu inafanya kazi. Yote ikiwa sawa, mama anarudi nyumbani: atembee kidogo kidogo, asilale kitandani siku nyingi, aweke kitambaa cha moto, aache magunia kwanza. Dawa ya maumivu atakunywa ile muganga amemuandikia, juu ibuprofeni haifai kwa mwenye kidonda cha tumbo wala mwenye mimba. Wengi wanapata nafuu ndani ya wiki 4 hadi 6. Ikipita hapo bila nafuu, arudi apimwe upya.

Kuna wale wasiongojee wiki hizo: aliyeanguka kwa pikipiki au juu ya mti, aliyewahi kuugua kansa, mwenye homa, jasho la usiku na kukonda. Kifua kikuu kinaweza kula uti wa mgongo, na huyo anahitaji picha mapema.

Mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, sehemu za siri zikifa ganzi, au mguu ukilegea, aende hospitali siku hiyohiyo. Akichelewa, anaweza kubaki hivyo maisha yote.