Kufupisha madesa

Kufupisha madesa ni kupunguza kurasa kumi za somo hadi moja kwa awamu, kila awamu ikiwa na kigezo chake cha kukata. Chukua mada ya kuzaliwa kwa TANU, Kariakoo, Dar es Salaam. Awamu ya kwanza huondoa marudio, zikabaki kurasa tano. Ya pili huacha mfano mmoja kwa kila sababu, zikabaki mbili. Ya tatu huvunja sentensi: “AA 1929 → TAA 1948 → TANU 7/7/1954”, na neno la sababu juu ya kila mshale. Wengi hukosea hapo: hukata sababu wakabakiza tarehe, halafu wanashindwa kueleza kwa nini chama cha ustawi kiligeuka cha siasa.

Wapo wasemao muhtasari wa kununua steshenari huokoa muda. Kweli, ila unakunyima kazi ya kuchagua na kukumbuka mwenyewe. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya wiki, waliojikumbusha bila kutazama walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma. Kwa hiyo funika daftari, simulia, ndipo ukate. Mshale usiosimulika umekatwa mapema. Rudi kwenye kurasa mbili.