Thamani Tarajiwa: Namba Ambayo Tikiti Haiionyeshi

Mwalimu akiingia katika klabu ya hisabati ya shule na kuuliza kama tikiti ya bahati nasibu inafaa kununuliwa, jibu hutoka upesi: haifai, kwa sababu nafasi ya kushinda ni moja katika mamilioni. Jibu hilo mara nyingi ni sahihi. Sababu iliyotolewa, hata hivyo, haitoshi. Kulikuwa na mchezo mmoja wa Marekani ambao uwezekano wa kupata zawadi kuu haukubadilika hata kidogo, lakini tikiti yake iliyokuwa ya hasara wiki moja ikawa ya faida wiki nyingine.

Anayetaka kueleza jambo hilo kwa dakika kumi anahitaji istilahi mbili. Ya kwanza ni uwezekano, yaani mara ngapi tukio hutarajiwa kutokea katika majaribio mengi. Ya pili ni thamani tarajiwa: chukua kila zawadi, izidishe kwa uwezekano wake, kisha jumlisha. Hesabu hiyo ina umri mrefu. Mholanzi Christiaan Huygens aliiweka katika kitabu chake cha mwaka 1657 kuhusu michezo ya dadu, na katika tafsiri ya Kilatini ikapewa jina lenye maana ya matarajio.

Neno "tarajiwa" lisimpotoshe mwanafunzi. Thamani tarajiwa ya kurusha dadu ni 3.5, na hakuna uso wa dadu wenye 3.5. Si matokeo ambayo mtu ayasubiri katika mrusho mmoja. Ni wastani ambao mirusho mingi huukaribia. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kusema "wastani tarajiwa", na kwa anayeanza huenda jina hilo likamwongoza vizuri zaidi.

Mchezo wenyewe uliitwa Cash WinFall. Ulianza mwaka 2004 katika jimbo la Massachusetts na ukafungwa mwaka 2012. Mchezaji alilipa dola 2 na kuchagua namba 6 kati ya 46. Njia za kuchagua ni 9,366,819, kwa hiyo nafasi ya kupatia zote sita ni moja katika milioni 9.4 hivi. Waliopatia namba tano, nne au tatu walipata fedha kidogo, na aliyepatia mbili alipewa tikiti ya bure.

Wiki ya kawaida hesabu ilikuwa hivi. Namba tano zililipa dola 4,000, na nafasi yake ni moja katika 39,000 hivi: gawanya, utapata senti 10. Namba nne zililipa dola 150, nafasi moja katika 800: senti 19. Namba tatu zililipa dola 5, nafasi moja katika 47: senti 11. Zawadi kuu ikiwa dola milioni moja, nayo inachangia senti 11 tu. Ongeza senti 29 za tikiti ya bure, na jumla ni karibu senti 80. Mtu anatoa dola 2, anarudishiwa kwa wastani chini ya nusu.

Kanuni moja ya mchezo ndiyo iliyogeuza mambo. Zawadi kuu ilipopita dola milioni 2 bila mshindi, fedha zake ziliteremshwa na kugawiwa waliopatia namba tano, nne na tatu. Mwanahisabati Jordan Ellenberg amepiga hesabu ya mchezo mmoja wa aina hiyo, wa Februari 2005, ambapo tikiti zipatazo 470,000 ziliuzwa. Kwa makadirio yake, namba tano zilikuwa na thamani ya dola 50,000, namba nne dola 2,385, na namba tatu dola 60. Tukirudia kugawanya tunapata dola 1.28, dola 2.98 na dola 1.27. Jumla ni dola 5.53 kwa tikiti ya dola 2, hata kabla ya kuhesabu tikiti za bure.

Fedha hizo hazikuzuka hewani. Zilikuwa za waliocheza na kukosa katika wiki zilizotangulia, na jimbo liliendelea kuchukua fungu lake katika kila tikiti.

Hapo mwanafunzi makini atapinga: kama tikiti ina thamani ya dola 5.53, mbona jirani aliyenunua moja hakupata kitu? Pingamizi hilo ndilo kiini cha somo. Jumlisha nafasi za kupatia namba tatu au zaidi, utapata karibu moja katika 45. Maana yake ni kwamba hata katika siku hiyo ya neema, tikiti 98 hivi kati ya 100 hazikuleta fedha taslimu. Anayenunua tikiti moja huonja matokeo ya kawaida, na matokeo ya kawaida ni kukosa. Wastani umebebwa na tikiti chache ambazo si zake.

Sasa mpe mwanafunzi tikiti 10,000, zenye gharama ya dola 20,000. Atarajie tikiti 211 hivi za namba tatu, zinazoleta kama dola 12,700, na 12 au 13 za namba nne, zinazoleta kama dola 29,800. Uwezekano wa kutopata hata tikiti moja ya namba tano bado ni mkubwa, karibu asilimia 77. Lakini hata akiikosa, kwa wastani ana zaidi ya dola 42,000 mkononi. Kwa mnunuzi huyu thamani tarajiwa imeanza kuonekana kwa macho, kwa sababu wingi wa tikiti umepunguza mtawanyiko wa matokeo yake. Zawadi kuu haimo kabisa katika hesabu yake.

Ndivyo walivyofanya waliougundua mchezo huo. Kundi lililoanzishwa na wanafunzi wa chuo cha MIT na kundi la Jerry Selbee, mstaafu wa Michigan aliyewahi kumiliki duka, walinunua tikiti kwa maelfu kila fedha zilipokaribia kuteremshwa. Gazeti la Boston Globe lilipoandika habari zao mwaka 2011, mchezo haukudumu muda mrefu.

Hesabu hii ina mipaka yake. Mfuko ule wa Februari 2005 ulikuwa na dola milioni 2.6 hivi, na 5.53 si kingine ila mfuko huo kugawanywa kwa tikiti 470,000. Kama mfuko ungebaki ule ule na tikiti zikauzwa milioni 1.4, kila moja ingekuwa na thamani ya dola 1.86 kabla ya kuhesabu tikiti za bure, na faida karibu yote ingetoweka bila nafasi ya yeyote kupatia namba zake kubadilika. Isitoshe, anayelipa dola 2 mara moja tu hana wingi wa kumkinga; wastani mzuri haumzuii kurudi nyumbani mikono mitupu.

Basi mwanaklabu atakayeletewa tangazo la bahati nasibu yoyote asiishie kwenye zawadi kuu. Atafute jedwali zima la zawadi, azidishe kila zawadi kwa uwezekano wake, ajumlishe, kisha alinganishe na bei ya tikiti. Katika bahati nasibu za kawaida atakuta jumla iko chini ya bei, kwa kuwa mwandaaji hukata fungu lake kwanza.