Gharama wastani na gharama ya nyongeza

Gharama wastani ni gharama yote ikigawanywa kwa idadi ya vitu vilivyotengenezwa. Gharama ya nyongeza ni kile kinachoongezeka kwenye gharama yote unapotengeneza kimoja zaidi. Gharama wastani hufika chini kabisa pale inapolingana na gharama ya nyongeza.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama apikaye mahamri alfajiri huko Shika Adabu, wadi ya Likoni, kusini mwa kivuko cha Mombasa. Kodi ya kibanda na ujira wa msaidizi humgharimu shilingi 400 kwa siku, apike asipike. Unga, nazi, sukari na iliki ni shilingi 2 kwa kila hamri. Kadiri anavyozidisha, mafuta huchakaa upesi, makaa ya ziada hununuliwa kwa bei ya rejareja, na msaidizi hudai malipo ya kuchelewa. Akipika mahamri n, gharama yote ni:

```
G = 400 + 2n + 0.01n²
```

Kwa hiyo gharama wastani (W) na gharama ya nyongeza (N) ni:

```
W = 400/n + 2 + 0.01n
N = 2 + 0.02n
```

Akipika 100, wastani ni shilingi 7, lakini hamri linalofuata linamgharimu takriban shilingi 4 tu. Kitu cha shilingi 4 kikiingia kwenye fungu lenye wastani wa 7, lazima wastani ushuke, basi inafaa aendelee. Akipika 300, wastani ni kama shilingi 6.33, nalo hamri linalofuata ni takriban 8, kwa hiyo wastani umekwisha kuanza kupanda. Penye 200 zote mbili ni shilingi 6. Hamri la 200 liliongeza shilingi 5.99, na la 201 litaongeza 6.01. Hapo wastani hauna tena pa kushukia.

Kodi ikipanda hadi gharama isiyobadilika iwe 900, N haibadiliki hata kidogo, kwa kuwa kodi haiongezwi na hamri moja zaidi. Wastani ndio unaoinuka, nazo hukutana penye mahamri 300, kwa shilingi 8. Lakini kama N ingebaki shilingi 2 daima, wastani ungezidi kushuka bila kufika chini kabisa.

Wengi hudhani kwamba wastani mdogo kabisa ndio faida kubwa kabisa. Sivyo. Hamri likiuzwa shilingi 10, na wanunuzi wapo, mahamri 200 huleta faida ya 800, na 400 huleta 1,200, ingawa wastani umerudi shilingi 7. Faida hukoma kukua pale N inapofikia bei. Wastani mdogo kabisa huonyesha jambo jingine: kwa kodi ya mwanzo, bei ikishuka chini ya shilingi 6, hakuna idadi ya mahamri itakayorudisha gharama zote.