Namba 45 na 46 hazijumlishwi: aina nne za vipimo kwa mfano wa Kisii na Nyamira

Kaunti ya Kisii ina namba 45 na jirani yake Nyamira ina namba 46. Mombasa ni namba 1. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba Kisii ni Mombasa mara arobaini na tano, wala kwamba mtu aliyesimama mpakani mwa Kisii na Nyamira yumo katika kaunti ya 45.5. Kosa hili linaonekana kichekesho kwa sababu liko wazi. Lakini kosa la namna hiyo hiyo hufanywa kila siku katika ripoti zinazoamua fedha za umma ziende wapi, na huko halichekeshi.

Mwaka 1946 mwanasaikolojia wa Marekani, S. S. Stevens, aliandika makala katika jarida la Science akigawa vipimo katika aina nne: nominali, ordinali, intavali na uwiano. Swali alilouliza ni jepesi: namba hii uliyoandika inabeba habari kiasi gani? Ukishalijibu, utajua hesabu gani inaruhusiwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtafiti anakwenda kwa wakulima wa ndizi wa Kisii na Nyamira na hojaji yenye mambo manne: kaunti ya mkulima, anavyoridhika na bei ya ndizi, joto la shambani asubuhi ile, na kilo alizouza mwezi uliopita. Majibu yote manne yanaandikwa kwa namba, na kwenye kompyuta yanafanana. Kumbe kila moja ni la aina yake.

Nominali: namba iliyo jina tu

Kaunti ni kipimo cha nominali. Namba 45 imesimama mahali pa neno "Kisii", basi. Tungeweza kuandika 1 na 2, au 900 na 7, na habari isingebadilika. Kinachoruhusiwa ni kuhesabu wangapi wamo katika kila kundi, kutoa asilimia, na kutaja kundi lenye watu wengi zaidi, ambalo huitwa modi. Ukitaka kujua kama kaunti inahusiana na jambo jingine la makundi, kwa mfano kama mkulima ni mwanachama wa ushirika au la, kuna jaribio la kai-skwea. Wastani haumo.

Ordinali: mpangilio bila umbali

Kuridhika na bei ni kipimo cha ordinali: 1 ni "siridhiki kabisa", 2 "siridhiki", 3 "wastani tu", 4 "naridhika", 5 "naridhika sana". Tunajua 4 iko juu ya 3. Hatujui kama hatua ya kutoka 3 hadi 4 ni sawa na ile ya kutoka 4 hadi 5.

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo tuone kwa hesabu. Tuseme kituo cha kukusanyia ndizi kitajengwa katika kaunti ambayo wakulima wake hawaridhiki zaidi, na wameulizwa watu watano kila upande. Wa Kisii wamejibu 3, 3, 3, 4, 4. Wa Nyamira wamejibu 2, 2, 2, 5, 5. Wastani wa Kisii ni 3.4 na wa Nyamira ni 3.2. Nyamira ndiyo isiyoridhika, kituo kinakwenda huko.

Sasa mtafiti mwingine anasema, "naridhika sana" ni jambo zito, nitalipa 10 badala ya 5. Hajavunja sheria, kwa kuwa mpangilio ni ule ule. Kisii inabaki 3.4. Nyamira inakuwa 2, 2, 2, 10, 10, na wastani wake unaruka hadi 5.2. Ghafla Kisii ndiyo isiyoridhika, na kituo kinahamia huko. Hakuna mkulima hata mmoja aliyebadili neno lake. Kilichobadilika ni kalamu ya mtafiti.

Angalia mediani, yaani jibu la katikati ukiyapanga majibu kutoka dogo hadi kubwa. Kisii ni 3, Nyamira ni 2, kwa namba zote mbili za mtafiti. Mediani haitikisiki kwa sababu inategemea mpangilio peke yake. Ndiyo maana kwa data ya ordinali hutumiwa mediani, uhusiano wa Spearman, na jaribio la Mann-Whitney la kulinganisha makundi mawili. Njia hizi mbili za mwisho nazo hutazama nafasi ya kila jibu kwenye foleni, si ukubwa wa namba yake.

Wapo wataalamu wanaokubali wastani pale maswali mengi ya namna hii yanapojumlishwa kuwa alama moja, na mjadala huo haujafungwa. Kwa swali moja peke yake, jaribu kama tulivyofanya: badilisha namba bila kuvuruga mpangilio. Uamuzi ukigeuka, usiutegemee.

Intavali: umbali sawa, sifuri ya kupangwa

Joto kwa selsiasi ni kipimo cha intavali. Tuseme siku moja Mombasa ni digrii 30, mji wa Kisii 20, na sehemu ya juu milimani 15. Hapa wastani na mchepuko sanifu vinaruhusiwa, kwa sababu hatua za digrii ni sawa. Pia ni kweli kwamba tofauti ya Mombasa na Kisii, digrii 10, ni mara mbili ya ile ya Kisii na milimani, digrii 5.

Lakini usiseme Mombasa ina joto mara moja na nusu ya Kisii. Badilisha kuwa farenhaiti: 30 inakuwa 86, 20 inakuwa 68, na 86 kugawanya kwa 68 ni kama 1.26. Ile "mara moja na nusu" imeyeyuka. Sifuri ya selsiasi ni pale maji yanapoganda, si pale joto linapokwisha.

Uwiano: sifuri ya kweli

Kilo za ndizi ni kipimo cha uwiano. Sifuri maana yake hakuuza kitu. Aliyeuza kilo 300 ameuza mara tatu ya aliyeuza 100, na ukipima kwa ratili itabaki mara tatu. Hesabu ya watu nayo ni hivyo: sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na ni halali kusema Kisii ina zaidi ya mara mbili. Hapa hesabu zote za aina zilizotangulia zinaruhusiwa, na kulinganisha kwa "mara ngapi" kunaongezeka.

Kompyuta haitakukataza

Katika programu ya SPSS kuna safu iitwayo `Measure` yenye chaguo `Nominal`, `Ordinal` na `Scale`, hili la mwisho likibeba intavali na uwiano pamoja. Hata hivyo ukiiomba wastani wa namba za kaunti, itakupa 45.4 bila kusita. Mlinzi ni wewe.

Jambo la mwisho huamuliwa kabla ya kwenda shambani. Ukiuliza kilo kamili, baadaye unaweza kuwagawa wakulima kuwa wadogo, wa kati na wakubwa. Ukiuliza tangu mwanzo "wewe ni mdogo, wa kati au mkubwa?", kilo hutazipata tena, labda urudi Nyamira kuuliza upya.