Kulia, kula na kura: Kicheko kilichoachwa na sauti iliyopotea

Matangani, mheshimiwa anapewa kipaza sauti. Anapangusa uso kwa leso, kisha anasema: “Ndugu zangu, leo nimeacha shughuli zote Nairobi, nimekuja kulia hapa kwenu.” Mama mmoja aliyekuwa akipakua chakula anamjibu: “Karibu mheshimiwa, sahani ziko huku.”

Msomaji wa Thika au Ruiru haihitaji maelezo. Lakini kazi ya ukumbi huu ni kufungua mashine na kutazama vyuma vyake, hata kama kichekesho kikifunguliwa huwa hakichekeshi tena.

Sentensi ya mheshimiwa ina maana mbili kamili. “Kulia” ni kutoa machozi. Vilevile ni kitenzi “kula” katika kauli ya kutendea, kama tunavyosema “chumba cha kulia” au “leo nitalia kwenu”. Mwanaisimu Victor Raskin, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu semantiki ya ucheshi, aliita picha nzima inayoamshwa na neno “skripti”. Skripti ya maombolezo ina jeneza, leso, nyimbo na watu waliokuja kutoa. Skripti ya mlo ina sufuria, foleni na watu waliokuja kupokea. Raskin alidai kwamba matini huwa kichekesho iwapo inaafikiana na skripti mbili, na skripti hizo zinapingana. Kuwa na maana mbili tu hakutoshi. “Nimenunua mbuzi” yaweza kuwa mnyama au kifaa cha kukunia nazi, na hakuna anayecheka, kwa kuwa mnyama na kifaa havipingani kwa lolote linalotuhusu. Kutoa na kupokea matangani kunatuhusu sana, hasa mpokeaji akiwa mwanasiasa, kwa sababu “kula” katika Kenya kuna maana ya tatu isiyohitaji sahani.

Neno “sahani” ndilo swichi. Kabla yake tumo katika maombolezo bila shaka yoyote. Likitamkwa, tunarudi nyuma kwa kasi na kuisoma sentensi upya. Tazama pia jinsi bawaba ilivyo nyembamba: mheshimiwa angesema “kulia nanyi” badala ya “kulia hapa kwenu”, mama asingekuwa na la kushika, maana kula pamoja na mtu ni “kula nanyi”. Kielezi kile cha mahali ndicho kinachoruhusu milango yote miwili ifunguke.

Sasa swali la historia. Kwa nini machozi na chakula vina sauti moja katika Kiswahili? Havikuzaliwa hivyo. Katika lugha nyingine za Kibantu kulia machozi kuna konsonanti mbili: Kizulu husema “lila”, Kichewa “lira”, Kikuyu “rĩra”. Kiswahili kilikuwa nayo ile ya pili, kikaidondosha. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika historia yao ya Kiswahili na lugha za Kisabaki iliyotoka mwaka 1993, wanafuatilia udondoshaji huu wa “l” kwa undani. Mifano yake imejaa vinywani mwetu. Waganda husema “enjala”, sisi twasema “njaa”. Mkikuyu husema “makara”, sisi “makaa”. Yeye “gũikara”, sisi “kukaa”. Penye irabu mbili zilizobanana katika Kiswahili, mara nyingi pana kaburi la “l”.

Kwa hiyo “lila” ikawa “lia”, ikamkuta mle “lia” mwingine, yule wa kulia chakula. Kiswahili pia kilipoteza toni, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo hata sauti ya kupanda na kushuka haikubaki kuwatenganisha. Wakulima wa maneno huziita hizi homonimu. Mimi naziona kama shamba ambalo mtani hakulilima lakini anavuna.

Jaribu kukipeleka kile kichekesho katika Kikuyu uone. Kulia machozi ni “kũrĩra”, kula ni “kũrĩa”, na kulia mahali chakula ni “kũrĩĩra”, irabu ikivutwa. Yanakaribiana, lakini mama wa sahani hawezi kudai amesikia vibaya. Masikio ya Thika hayatamwachia. Sirero, yule msemaji mkubwa wa Roma, aliandika mwaka 55 Kabla ya Kristo kwamba kuna mizaha iliyo katika jambo na mizaha iliyo katika neno, na kipimo ni kubadilisha maneno: kichekesho kikifa, kilikuwa cha neno. Kuvusha lugha ni namna ya kukitumia kipimo hicho. Mfano mashuhuri wa Raskin, wa mgonjwa anayeuliza kwa sauti ya kunong’ona (amepoteza sauti kwa maradhi) kama daktari yuko nyumbani, na mke kijana wa daktari anayemnong’oneza kwamba hayupo, aingie tu, unavuka hadi Kiswahili bila kulowa. Wa matangani unazama mtoni.

Lakini Thika si mji wa lugha moja. Viwanda vyake na mashamba ya mananasi yamekusanya watu wa kila pembe, na hapo huzuka mzaha wa aina ya tatu, unaohitaji msikilizaji mwenye mifumo miwili ya sauti kichwani. Kikuyu hakina “l”. Msemaji wake akizungumza Kiswahili huweza kubadilisha “r” na “l” kila upande, na hapo “kura” na “kula” hugongana. Kura ni neno la Kiarabu, asili yake ni kupiga bahati nasibu. Kula ni la Kibantu kongwe. Yamekutana kwa ajali ya matamshi, na siasa yetu ikayafunga ndoa. Mtu akisema “twendeni tukapige kula”, skripti mbili zimesimama tayari: kuchagua viongozi na kujishibisha.

Hapa lakini pana tofauti ambayo naona hatuitilii maanani. Mwaka 1991 Raskin na Salvatore Attardo waliipanua nadharia, wakaorodhesha rasilimali sita za kichekesho. Mojawapo ni shabaha: nani anachekwa? Katika “kulia” shabaha ni mheshimiwa peke yake, kwa kuwa utata ni mali ya lugha nzima. Katika “kula” badala ya “kura”, shabaha yaweza kuhama kimyakimya kutoka kwa mwanasiasa hadi kwa ulimi wa jirani.

Mzee Ojwang wa Vitimbi aliliendea jambo hili kwa namna yake. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu aliyeigiza kwa lafudhi ya Kijaluo, “sh” zikigeuka “s”, na taifa zima likacheka naye miaka na miaka. Aliyecheza hakuwa akijicheka, na wengi wa watazamaji hawakujua. Jozi hiyohiyo ya sauti imo katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12: watu wa Gileadi walisimama vivukoni mwa Yordani, wakamwambia kila apitaye atamke “Shibolethi”. Mwefraimu akasema “Sibolethi”. Hesabu ya waliouawa kwa kukosa “sh” imeandikwa pale: 42,000. Kati ya kivuko kile na jukwaa la Vitimbi, sauti hazikubadilika hata moja.